Mtu Amehama, Akaunti Yake Imebaki Kongo: Sheria ya Nchi Moja Haitufai Sisi wa Maniema

Watu wa Kasongo na Kabambare hawakuanza kuhama jana. Nenda Ujiji, nenda Buyenzi mjini Bujumbura, nenda Kariakoo mjini Dar es Salaam: utakuta familia zinazojiita Wamanyema, ambao mababu zao walitoka huku kwetu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Miaka ya karibuni, vita na vitisho vya makundi yenye silaha katika eneo la Kabambare, hasa upande wa Salamabila, vimewasukuma wengine tena kwenye barabara. Kuna waliokwenda Baraka na Uvira, kuna waliovuka ziwa Tanganyika hadi kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na kutoka huko wengine wamepelekwa Kanada, Marekani au Ulaya.

Mtu akihama, anahama na simu yake. Ndani ya simu kuna akaunti aliyofunguliwa na kijana wa duka la simu siku aliyoinunua. Akaunti hiyo ina nchi yake. Mwenyewe anavuka mipaka miwili au mitatu, lakini akaunti inabaki pale ilipozaliwa. Akifika mbali anakutana na maneno ambayo hakuna aliyemweleza: bidhaa hii haipatikani katika nchi yako. Au ndugu yake anamtumia kadi ya zawadi, na kadi inakataa. Au anatafuta rafiki zake wa Kasongo ndani ya mchezo wa simu na haoni jina la hata mmoja.

Wengi hudhani ni rezo mbaya, au simu imeharibika, au wameibiwa. Kwa kweli ni sheria. Maoni yangu ni kwamba sheria hiyo ina sababu upande mmoja, na upande wa pili inamwonea mtu anayehama bila kupenda. Ili tuone pande zote mbili, tuanze na namna inavyofanya kazi.

Nchi tatu ndani ya simu moja

Kosa la kwanza ni kufikiri kwamba simu inajua nchi moja tu. Inajua tatu, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni mahali ulipo leo. Hiyo inatambuliwa kupitia anwani ya interneti unayopewa na kampuni ya simu. Ukivuka ziwa na kuweka laini ya Tanzania, inabadilika siku hiyo hiyo.

Ya pili ni nchi ya duka. Kwa simu nyingi za kwetu duka hilo ni Google Play, na kwa wenye iPhone ni App Store. Nchi hii haibadiliki kwa sababu tu umesafiri. Imefungwa pamoja na njia yako ya kulipa: kadi ya benki, au pesa ya simu pale inapokubaliwa. Ndiyo inayoamua programu zipi utaziona, utalipa kwa sarafu gani, na kadi ipi ya zawadi itakubaliwa.

Ya tatu ni kanda ya mchezo wenyewe. Michezo kama Free Fire hugawa dunia katika kanda, na kila kanda ina seva zake. Siku unapofungua akaunti ya mchezo, unawekwa katika kanda kufuatana na mahali ulipo, na hapo ndipo unapobaki. Kanda hii haijali nchi ya duka lako. Ukibadilisha duka, kanda ya mchezo haisogei hata hatua moja.

Matatizo karibu yote ya ndugu zetu walio ng'ambo yanatokana na kuchanganya nchi hizi tatu. Mtu anarekebisha moja akitarajia nyingine itii. Kuna na wale wanaokimbilia VPN. VPN inabadilisha ile ya kwanza peke yake, yaani mahali unapoonekana kuwa. Nchi ya duka bado inadai njia ya kulipa ya nchi hiyo, na akaunti ya mchezo iliyokwisha kufunguliwa inabaki katika kanda yake.

Safari ya kijana mmoja

Tuchukue mfano wa kijana wa Kabambare. Alinunua simu Kasongo na akafunguliwa akaunti ya Google hapo hapo. Nchi ya duka ikawa Kongo. Baadaye akakimbilia Nyarugusu, na baada ya miaka kadhaa akapelekwa Kanada.

Akiwa kambini Tanzania, duka lake linabaki la Kongo, na kwa kweli halimsumbui sana. Programu nyingi za bure hazijali nchi. WhatsApp inaendelea, Facebook inaendelea. Kubadilisha duka liwe la Tanzania kungemtaka awe na njia ya kulipa ya Tanzania, na si wengi kambini wenye kadi ya benki.

Anafika Kanada. Sasa anataka programu ya benki aliyofunguliwa, ya usafiri wa mji, pengine ya shule ya watoto. Programu za namna hiyo mara nyingi huwekwa kwa watu wa nchi moja tu. Anaandika jina la benki ndani ya Play Store na halionekani, au linaonekana na maneno kwamba halipatikani katika nchi yake. Hapo ndipo wengi huona kama wamefungwa katika mduara: ili kupata programu ya benki ni lazima ubadilishe nchi ya duka, na ili kubadilisha nchi ya duka unadaiwa kitu cha benki.

Mduara huo una mlango. Kinachodaiwa na Google ni kadi ya kulipia iliyotolewa Kanada. Programu ya benki haidaiwi. Kadi ya plastiki inatolewa kwenye ofisi ya benki au kwa posta, bila programu yoyote. Kwa hiyo mpangilio ni huu: kwanza kadi, pili kubadilisha duka, tatu programu.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Unafungua Play Store, unagusa picha yako juu pembeni, unaingia `Paramètres`, kisha `Général`, kisha sehemu ya mapendeleo ya akaunti na kifaa. Ndani yake utakuta `Pays et profils`. Kwa simu iliyowekwa Kiingereza ni `Country and profiles`. Hapo utaona nchi ya duka lako. Kama Google inaona uko kweli Kanada, itakuonyesha nafasi ya kuhamia huko, na itakuomba kuongeza njia ya kulipa ya Kanada. Baada ya hapo mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 48 kabla hayajaonekana. Usianze kubonyeza ovyo siku ya kwanza.

Kabla ya kugusa kuna mambo mawili ya kufahamu, kwa sababu hayarudishwi kirahisi. La kwanza, pesa iliyobaki ndani ya akaunti ya Play haihami nawe. Kama ulikuwa na dolari 5 katika duka la Kongo, hutazitumia katika duka la Kanada. Zinabaki upande wa zamani. Zitumie kwanza.

La pili, ukisha kubadilisha, hutabadilisha tena kwa muda wa mwaka mmoja. Turudi kwa kijana wetu. Tuseme kambini alipata rafiki wa Kigoma mwenye kadi, na mwezi wa tatu akageuza duka lake kuwa la Tanzania kwa ajili ya kununua kitu kidogo cha mchezo. Mwezi wa tisa jina lake likaitwa, akapanda ndege. Kule Kanada duka lake sasa ni la Tanzania, na hawezi kuligeuza hadi mwezi wa tatu wa mwaka unaofuata. Miezi sita ya kwanza katika nchi mpya, ile ambayo mtu anahitaji kila programu ya mahali alipo, ataipitisha akiwa na duka la nchi aliyokwisha kuiacha. Ataishia kufungua akaunti nyingine ya Google kwa ajili ya programu za Kanada. Inawezekana, simu moja inabeba akaunti mbili, lakini alivyonunua kwa ya kwanza vitabaki kwa ya kwanza.

Ndiyo maana nawaambia walio kambini: kama hamjui mtakaa wapi mwaka huu, msiguse nchi ya duka.

Kadi ya zawadi inayofia njiani

Jambo linalowatoa watu pesa mfukoni kila siku ni kadi ya zawadi. Kaka yuko Kanada, mdogo wake yuko Kasongo. Mdogo anaomba almasi za mchezo, au programu ya masomo ya kulipia. Kaka anaingia dukani, ananunua kadi ya Google Play ya dolari 25 za Kanada, anakwangua, anapiga picha namba na kuituma kwa WhatsApp. Mdogo anaiingiza na inakataa.

Haijaibiwa. Kadi ya Kanada inakubaliwa na akaunti ambayo nchi yake ya duka ni Kanada, basi. Akaunti ya mdogo ni ya Kongo. Na kadi iliyokwisha kukwanguliwa, duka la kawaida halirudishi pesa. Tena kuna hatari nyingine inayofuata: mdogo, kwa hasira ya kukataliwa, anatuma namba hiyo kwenye kikundi akitafuta mtu wa kumsaidia kuifungua. Yeyote mwenye akaunti ya Kanada akiiona ataiingiza kwake. Sasa kadi imepotea kweli.

Kama kadi imekataa na namba haijaenea, njia ya kuiokoa ni rahisi: kaka aiingize katika akaunti yake mwenyewe ya Kanada. Thamani itabaki kwake na ataitumia kwa mambo yake, kisha mdogo atumiwe pesa taslimu kwa njia ya kawaida ya kutuma pesa. Katika baadhi ya michezo, kampuni yenyewe ina ukurasa wa kuongezea almasi kwa kuandika namba ya mchezaji. Hapo kaka anaweza kulipa kwa kadi yake ya benki, bila kupita kwenye duka la mdogo. Ni lazima tu ukurasa uwe wa kampuni yenyewe, na uonyeshe jina la mchezaji kabla ya kulipa. Jina likiwa la mtu mwingine, simama.

Hata pesa ya simu haivuki kama tunavyofikiri. Kenya, tangu 2018, mtu anaweza kulipa ndani ya Google Play kwa M-Pesa. Mtu wa kwetu anaona neno hilo M-Pesa, analo pia kwenye simu yake ya Vodacom, anadhani ni mlango uleule. Siyo. Ile ni ya namba ya Kenya na duka la Kenya. Ya Kongo ina jina lilelile tu.

Rafiki walioachana ndani ya mchezo

Kwa vijana, kinachouma zaidi kuliko duka ni kuwakosa wenzao. Free Fire imeenea hapa kwetu kwa sababu inakubali simu za bei ndogo na haili mega nyingi. Jioni, moto ukiwepo, utaona vijana wanne wamekaa ukutani, kila mmoja na simu yake, wakicheza kikosi kimoja. Mmoja wao akienda zake, simu ndiyo inayopaswa kuwaweka pamoja.

Hapa kosa linalofanyika ni moja, na karibu kila mmoja analifanya. Kijana akifika Kanada ananunua simu mpya, anapakua mchezo, na anaanza akaunti mpya. Mchezo unaona yuko Amerika ya Kaskazini, unamweka katika kanda ya huko. Kisha anatafuta wenzake wa Kasongo kwa namba zao za mchezaji. Namba ni sahihi, ameihakikisha mara tatu, lakini mchezo unasema hakuna mtu huyo. Kweli hayupo: yuko kanda nyingine, na watu wa kanda mbili hawaingii kikosi kimoja.

Dawa si kubadilisha kanda, maana kwa akaunti iliyokwisha kufunguliwa hakuna kitufe hicho. Dawa ni kuingia na akaunti ileile ya zamani. Akaunti iliyofunguliwa Kasongo, hata ukiifungulia Kanada, inakurudisha kwenye kanda ya Kasongo, kwa wenzako, pamoja na kila ulichoshinda. Utalipa kwa kitu kimoja tu: umbali. Amri ya kidole chako inatoka Kanada hadi seva ya kanda ya zamani na kurudi, na ile namba ya milisekunde juu ya kioo itapanda. Utachelewa kidogo kufyatua. Kucheza na ndugu unaweza, kushinda mashindano ni vigumu. Ukitaka mashindano, fungua akaunti ya pili ya kule uliko na uziache zote mbili zikae.

Lakini yote hayo yanawezekana kama akaunti ya zamani ilifungwa kwenye Google au Facebook. Vijana wengi hucheza kama wageni, bila kuandikisha chochote, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka. Akaunti ya mgeni inaishi ndani ya simu ile tu. Simu ikiuzwa, ikiibiwa njiani au ikianguka ziwani, akaunti imekwisha. Kuiunganisha na Google ni dakika moja katika mipangilio ya mchezo, na inafaa kufanywa Kasongo, kabla ya safari.

Sisi tusiokuwa kwenye orodha

Hadi hapa nimesema juu ya makampuni ambayo angalau yanakubali kwamba Kongo ipo. Kuna nyingine ambazo kwao hatupo. Mtandao wa PlayStation wa kampuni ya Sony unaorodhesha nchi ambazo mtu anaweza kufungulia akaunti, na Kongo yetu haimo. Mashine za PlayStation zipo Kindu, zipo Bukavu, Goma na Lubumbashi, watoto wanazilipia kwa saa. Mwenye mashine akitaka akaunti, orodha inamlazimisha kuchagua nchi isiyo yake: Ufaransa, Ubelgiji, Afrika ya Kusini, Marekani.

Kisha sheria ya Sony inasema kwamba nchi ya akaunti haibadilishwi tena ikisha kuchaguliwa. Kadi za zawadi lazima zitoke nchi hiyohiyo. Fikiri sasa mtu aliyeandika Ufaransa akiwa Bukavu kwa sababu hakuwa na namna, kisha akahamia Kanada kihalali. Leo ana anwani, ana kadi ya benki, ana kila karatasi. Akaunti yake bado ni ya Ufaransa, nchi ambayo hajawahi kukanyaga. Anachoelekezwa ni kufungua akaunti mpya na kuacha nyuma michezo yote aliyonunua kwa ile ya kwanza.

Dunia iliona ubovu wa jambo hili mwaka wa 2024. Mchezo wa Helldivers 2 uliuzwa kwa kompyuta kupitia duka la Steam katika nchi nyingi mno. Mwanzoni mwa mwezi wa tano, Sony ilitangaza kwamba kila mchezaji wa kompyuta atalazimika kuunganisha akaunti ya PlayStation. Watu wa nchi zisizo kwenye orodha walikuwa wamekwisha kulipa, na hawakuwa na haki ya kufungua akaunti hiyo. Mchezo ukaondolewa kuuzwa katika nchi zaidi ya 100. Wachezaji wakapiga kelele kwa maelfu, na baada ya siku chache tu Sony ikarudi nyuma kuhusu sharti lile. Somo nililolipata ni kwamba sharti lile halikuwa la lazima. Mchezo ulikuwa unachezeka bila hilo tangu siku ya kwanza.

Apple nayo, hadi 2020, haikuwa na duka la Kongo. Lilifunguliwa mwezi wa nne mwaka huo, pamoja na la Rwanda, Zambia, Kameruni na nchi nyingine. Kwa hiyo mtu yeyote wa kwetu aliyekuwa na iPhone kabla ya hapo aliandika nchi ya watu. Apple, tofauti na Sony, inaruhusu kubadilisha, lakini kwa masharti: umalize pesa yote iliyomo katika akaunti hadi sifuri, usimamishe malipo ya kila mwezi na kungoja muda wake uishe, na uwe na njia ya kulipa ya nchi mpya. Senti chache zilizobaki, zisizotosha kununua kitu, zinaweza kukuzuia, na hapo ni lazima uwaandikie Apple waziondoe.

Sababu yao, na pale inapoishia

Makampuni yana jibu, na si jibu la uongo. Bei hazilingani duniani. Kitu kimoja kinauzwa rahisi katika nchi ya mishahara midogo na ghali katika nchi tajiri. Kama kila mtu angeweza kujiita wa nchi anayotaka, matajiri wangenunua kwa bei ya maskini. Ilitokea kweli: watu wa nchi nyingine walikuwa wakijifanya Waargentina na Waturuki ndani ya Steam. Mwezi wa 11 mwaka wa 2023, duka hilo liliacha kuuza kwa sarafu za nchi hizo mbili na kuhamia dolari. Walioumia ni wenyeji. Tena kuna kodi za kila serikali, na mikataba ya filamu na muziki inayouzwa nchi kwa nchi.

Nakubali yote hayo. Lakini angalia yanahusu nini: yanahusu kuuza. Ni haki ya muuzaji kuuliza uko wapi leo unaponunua leo. Hayaelezi kwa nini kitu nilichokwisha kulipia jana kibaki nyuma ya mpaka. Hayaelezi kwa nini pesa yangu mwenyewe, iliyomo katika akaunti yangu, isibadilishwe sarafu na kunifuata kama inavyofanyika benki. Na hayaelezi hata kidogo kwa nini nisimwone rafiki yangu ndani ya mchezo wa bure, ambao hakuna aliyenunua.

Wala haiwezi kusemwa kwamba haiwezekani. Steam inageuza nchi ya duka mtu akinunua kwa njia ya kulipa ya nchi aliyoko, na inazuia tu kufanya hivyo zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu. Microsoft inaruhusu akaunti ya Xbox kuhama kwa kipimo hichohicho cha miezi mitatu, ingawa pesa iliyomo haihami. Miezi mitatu inatosha kumchosha mdanganyifu wa bei. Mwaka mzima wa Google unamkamata mkimbizi aliyepita nchi mbili. Na milele ya Sony haimkamati mwizi yeyote, inamkamata aliyehama kweli.

Kwa hiyo ninachodai si akaunti isiyo na nchi. Nadai mambo matatu. Nchi ya duka ibadilishwe kwa anayeonyesha kwamba amehama, hata kama mwaka haujaisha. Karatasi ya kibali cha kukaa ni ushahidi mzito kuliko kadi ya benki, na mkimbizi anayo kabla ya kadi. Pesa iliyobaki ihame au irudishwe. Na orodha ya marafiki ndani ya mchezo isifungwe na kanda: mwenye kukubali kuchelewa kwa milisekunde aachwe acheze na nduguye.

Na sisi tuna dai upande wetu pia. Kijana anayefungua akaunti katika duka la simu Kasongo au Salamabila anamfungulia mtu mlango wa miaka mingi. Amwandikie neno la siri kwenye karatasi na kumpa mwenyewe. Asitumie namba yake ya duka kwa kulinda akaunti ya mteja. Laini ya Kongo isiyowekwa uniti muda mrefu hufungwa, na namba yaweza kupewa mtu mwingine. Siku Google itakapotuma tarakimu za uthibitisho kwa namba iliyokufa, mwenye akaunti yuko Kanada na hawezi kuzisoma. Kabla ya kuondoka, ongeza anwani ya pili ya barua pepe kwa ajili ya kurudisha akaunti, na namba ya ndugu anayebaki nyumbani. Akaunti ambayo huwezi kuingia, hakuna sheria mpya ya nchi itakayokusaidia kuihamisha.